Safari Ilivyopotea Njia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maneno Yetu Yaliyohamia Kiingereza

Shangazi yangu wa Wete aliwahi kumwambia mgeni, kwa Kiingereza chake cha skuli, kwamba kesho ana safari. Mgeni akamuuliza kwa furaha anakwenda kuona wanyama gani. Shangazi alikuwa anakwenda Tanga mazishini.

Maswali yaliyomo humu ni yale ninayoulizwa kila mara na vijana wanaosomea kutembeza wageni Mji Mkongwe, na mara nyingine na walimu wenzangu. Safari nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo iliyokwenda mbali zaidi na ndiyo iliyobadilika hatua kwa hatua mpaka mtu unaweza kuzihesabu. Mengine yanafuata nyuma yake.

## Safari yenyewe

1. Safari ni Kiswahili au Kiarabu?

Shina ni la Kiarabu, neno ni la Kiswahili. Waarabu husema *safar*, na neno lao linaishia kwenye konsonanti. Kiswahili hakipendi silabi iliyofungwa namna hiyo, kwa hiyo huifungua kwa irabu: *bahr* ikawa bahari, *khabar* ikawa habari, *kitab* ikawa kitabu, na *safar* ikawa safari.

Hiyo irabu ya mwisho ndiyo ushahidi wetu. Waturuki na Wahindi nao wana neno kutoka shina hilohilo, lakini Waturuki husema *sefer* na Wahindi *safar*, bila ya i. Kiingereza kina *safari*, na i yake iko palepale ilipokuwa kinywani mwa watu wa pwani. Kwa hiyo Muingereza hakulichukua kwa Waarabu wala India. Alilichukua huku.

2. Kwetu safari ina maana gani hasa?

Ni mwendo wa kutoka mahali mpaka mahali, uwe wa boti kutoka Mkoani mpaka Malindi au wa ndege mpaka Maka. Hakuna mnyama ndani yake, wala starehe. Pengine kinyume chake, maana wazee husema msafiri kafiri, kwa jinsi mtu anavyobadilika akiwa njiani. Sheria ya dini nayo inaijua safari kama dhiki, ndiyo maana msafiri huruhusiwa kupunguza sala na kula mchana wa Ramadhani akalipa baadaye.

Halafu ina maana ya pili ambayo wageni hawaigundui mpaka wakae sana: mara, au zamu. "Safari hii hunipati." "Nimechota maji safari tatu." Hapo hapana aliyesafiri kokote. Na safari ya mwisho kila mtu anaijua ni ipi.

Kuna pia ndugu zake wa karibu: kusafiri, msafiri, usafiri, na msafara. Huyu msafara mshike vizuri, tutamhitaji katika swali linalofuata.

3. Lilifikaje kwenye Kiingereza?

Lilipitia hapa Unguja, katika miaka ya 1850. Anayetajwa zaidi ni Richard Burton. Yeye na mwenzake John Hanning Speke walishuka Zanzibar mwezi wa Disemba 1856 kwa niaba ya Jumuiya ya Kijiografia ya London, wakitafuta maziwa ya bara. Walikaa miezi kadhaa wakisubiri mvua na kukusanya watu, na Burton, ambaye Kiarabu alikuwa anakijua tayari, akawa anajifunza Kiswahili. Juni 1857 walivuka mpaka Kaole, karibu na Bagamoyo, wakaingia bara pamoja na Said bin Salim kama kiongozi wa msafara, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mtumwa India na kurudi Zanzibar akiwa huru. Walifika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba, na Ujiji Februari 1858.

Sasa fikiria hali yake. Ni mtu aliyeishi miezi na miezi ndani ya kundi la wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kama kilo 30 begani au kichwani, kirangozi mbele, askari pembeni, ngoma ikilia asubuhi. Neno "safari" analisikia kila siku: safari inaondoka, safari imelala, safari ya Waarabu imetupita. Alipoandika habari zake, zilizochapishwa 1859 na 1860, neno safari hakulitumia kwa maana ya mwendo tu. Alilitumia kwa maana ya kundi lenyewe, watu na mizigo yao.

Kwa maneno mengine, Kiingereza kilipokea safari ikiwa imevaa nguo za msafara. Wapwani wenyewe waliichanganya hivyo wakati ule, kwa hiyo si kosa la Burton. Lakini kwetu maana ya mwendo ilibaki ndiyo kubwa, na kwao maana ya kundi la watu porini ikawa ndiyo ya kwanza. Mlango ule mdogo ndio uliopitisha mengine yote.

4. Basi lini likawa neno la wanyama?

Hapo twende Mombasa na Nairobi, si Unguja. Waingereza walipoishika ile sehemu ya bara mwaka 1895 na kujenga reli kutoka Mombasa, ambayo ilifika ziwani mwishoni mwa 1901, biashara ya misafara ya miguu ilikufa. Mzigo uliokuwa ukibebwa na watu mia sasa ulipanda behewa moja. Ila kundi moja liliendelea kuhitaji wapagazi, mahema, wapishi na askari, nalo ni matajiri wa Ulaya na Amerika waliokuja kuwinda. Reli haikuweza kumfikisha mtu penye kifaru.

Kwa hiyo kitu kilichobaki kikiitwa safari, mbele ya macho ya Mzungu, kilikuwa msafara wa uwindaji. Neno halikubadilishwa na mtu yeyote. Misafara mingine ndiyo iliyotoweka, na neno likabaki na huyo mmoja aliyesalimika.

Aliyelitangaza duniani ni Theodore Roosevelt. Alitoka ikulu ya Marekani Machi 1909, na Aprili mwaka huohuo akashuka Mombasa na mwanawe Kermit, akiwakusanyia wanyama watu wa makumbusho ya Smithsonian. Baba na mwana waliua wanyama 512 kwa bunduki zao. Rais mstaafu akipiga simba ilikuwa habari kubwa ya magazeti, na magazeti hayo yalipata neno la kuiita. Tangu hapo Mmarekani ambaye hajui Zanzibar iko wapi akajua safari ni nini, au alifikiri anajua.

Pamoja na hayo, maana ya zamani haikufa mara moja hata kwa Waingereza wenyewe. Ofisa wa wilaya aliyetoka ofisini kwenda kukagua vijiji aliandikwa kuwa yuko safari, na hapo hakuna aliyedhani amekwenda kuwinda.

5. Siku hizi wageni hawaui, wanapiga picha. Maana imebadilika tena?

Imebadilika, japo kwa upole. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania uwindaji wa kulipia upo kwa vibali, lakini wageni wengi wanakwenda mbugani na kamera. Wapagazi wamegeuka gari lenye paa linalofunguka. Lililobaki ni mzunguko wa kutazama wanyama ukiwa umekaa.

Na mara mnyama akishakuwa ndiye kiini cha neno, safari yenyewe inaweza kuondoka kabisa. Mwaka 1966 huko Longleat, Uingereza, walizungushia uzio shamba la kasri wakaweka simba ndani, watu wakawa wanapita na magari yao vioo vimefungwa. Wakakiita kiwanja cha safari. Mtu anatoka nyumbani kwake asubuhi, anazunguka uwanjani saa moja, jioni anakunywa chai yake kwake. Mpemba akiambiwa hiyo ni safari atauliza: mbona hakuaga mtu?

6. Kwa nini Kiingereza kinasema suti ya safari, siafu wa safari, na ile programu ya simu?

Kila kimoja kimekata kipande chake cha neno.

Suti ya safari ni ile nguo ya rangi ya vumbi yenye mifuko minne, iliyoigwa kwenye mavazi ya wawindaji. Sisi nguo ya namna hiyo tunaiita kaunda suti, kwa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliyependa kuivaa. Yaani Muingereza ameipa jina la Kiswahili na Mswahili ameipa jina la Mzambia.

Siafu ndio ninaowapenda zaidi. Kiingereza kinawaita sisimizi wa safari, na hapo hakuna utalii wowote. Wameitwa hivyo kwa sababu wanakwenda kwa mstari mrefu, wakubwa wenye mataya wakilinda pembeni. Ni msafara kamili wa Bagamoyo, na kirangozi wake. Maana aliyoichukua Burton, ambayo kwa watu wao imeshasahaulika, imehifadhiwa na mdudu.

Programu ya Safari ni kivinjari cha kampuni ya Apple, kilichotoka Januari 2003, na alama yake ni dira. Humo hamna simba. Kuna mtu anayetafuta njia mahali asipopajua, jambo ambalo kwa bahati tu limerudi karibu na maana yetu. Vijana wananiuliza kama ndio asili ya neno. Jibu liko katika swali la 1.

## Neno likirudi nyumbani

7. Mgeni akisema anataka safari hapa Unguja, nimwelewe vipi?

Muulize kwanza anataka kuona nini. Nimeshashuhudia kijana mmoja wa kazini akimjibu mgeni "ndiyo, safari zipo kila siku," akikusudia boti za Dar es Salaam, na mgeni akalipa kishika nafasi akidhani amenunua tembo. Ugomvi wake ulichukua siku mbili kwisha.

Visiwa hivi havina simba wala tembo. Jozani kuna kima punju, na chui wa Unguja hajathibitishwa kuonekana kwa miaka mingi. Anayetaka safari ya Kiingereza ni lazima avuke bahari kwenda Mikumi, Nyerere au Serengeti, na kwa kawaida huko hupelekwa kwa ndege. Kumbuka pia kwamba watu wa biashara wameshaanza kuiita safari hata ile ya kuwaangalia pomboo au kula samaki kwenye fungu la mchanga. Hapo maana imesogea tena: matembezi yoyote ya siku moja ya kulipia.

Kwa upande wa pili, wewe ukimwandikia mgeni kwa Kiingereza kwamba huwezi kuonana naye kwa kuwa una safari, ataelewa kwamba uko likizo. Tumia neno lao la kawaida la mwendo.

8. Je, Kiswahili chetu nacho kimeanza kuiga maana ya nje?

Kidogo. Ukisikia "magari ya safari" Arusha, ni yale ya watalii, si ya abiria. Lakini hilo limesimama kwenye majina ya biashara tu. Hakuna mama wa Chake Chake atakayesikia kwamba mwanawe ana safari akamuuliza habari za nyati.

Waliopata kituko kikubwa ni Waarabu. Mjini Dubai kuna matembezi ya jangwani kwa gari, na kwa Kiarabu cha leo yanaitwa *rihlat safari*. Hebu litazame: *rihla* tayari ni safari kwa Kiarabu, na *safari* ni *safar* yao wenyewe iliyokwenda Unguja, ikaongezwa i, ikapelekwa London, ikajaa wanyama, kisha ikarudishwa kwao kama bidhaa ya kigeni.

## Maneno mengine yaliyoulizwa sana

9. Lile neno lao la chombo cha tanga, linaloandikwa d-h-o-w, ni dau letu?

Linatamkwa karibu na dau, na wapo wanaolipeleka Kiswahili kama wapo wanaolipeleka Kiarabu. Ubishi huo haujakwisha. Ninachoweza kukuonyesha ni tofauti ya maana, ambayo haina ubishi.

Dau kwetu ni chombo kimoja maalumu, kidogo, kilichochongoka mbele na nyuma. Ndilo dau la mnyonge lisilokwenda joshi. Jahazi ni chombo kingine, kikubwa, cha mizigo, chenye tezi iliyokatwa. Mashua ni kama jahazi dogo. Ngalawa ina mirengu miwili ubavuni. Mtepe wa zamani ulishonwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja. Mvuvi wa Nungwi akiambiwa dau akaona ngalawa atajua aliyemwambia si mtu wa pwani.

Muingereza aliyakuta yote hayo kwa mbali. Manowari zao zilizokuwa zikisaka vyombo vya watumwa katika karne ya 19 ziliona kitu kimoja tu upeo wa macho: tanga la pembetatu. Ofisa akaandika neno moja kwa vyombo vyote, kutoka ghuba ya Uajemi mpaka Kilwa, na neno likakaa hivyo. Kwa hiyo safari ilibana maana, na dau likapanuka.

Ukitafsiri, usiandike dau kila unapoona neno lao. Mara nyingi jahazi ndilo linalofaa, na kama picha ipo, tazama ubavuni kwanza uone kama kuna mirengu.

10. Askari amepatwa na nini huko nje?

Kwetu askari ni yeyote wa ulinzi: wa jeshi, polisi, mlinzi wa usiku dukani, na askari kanzu ambaye hutaki kumjua. Kiingereza kilimchukua akiwa amevaa sare ya mkoloni. Kamusi zao zinamweleza kama mwanajeshi Mwafrika aliyetumikia jeshi la Wazungu, Wajerumani ama Waingereza. Wingi wao huongeza s. Sisi askari mmoja, askari kumi.

Kuna mizunguko miwili ya ajabu. Watu wa mbugani husema tembo dume mzee hutembea na madume vijana, na hao vijana kwa Kiingereza chao wanaitwa askari wake. Hilo ni tamu. La pili ni chungu: Afrika Kusini, miaka ya 1980, polisi wa ubaguzi waliwakamata wapigania uhuru, wakawageuza, na kuwatumia kuwasaka wenzao. Hao waliitwa askari. Mtu wa Soweto akilisikia neno hilo anasikia msaliti, na ni vizuri kijana wa ulinzi hotelini ajue kabla hajajitambulisha kwa mgeni kutoka huko.

11. Na bwana?

Kwa kifupi: kwetu bwana ni mume, ni mheshimiwa, ni Bwana Mtume, ni bwana harusi, ni bwana shamba anayekuja kukagua mikarafuu, na ni kiungo cha mazungumzo tu, "njoo bwana." Kiingereza kilibeba kimoja: mtumishi akimwita Mzungu. Ndiyo maana baadhi ya wageni huona haya wakiitwa bwana, hali wewe ulikuwa unawapa heshima.

12. Kwa nini wageni wanasema "Jambo!" peke yake?

Kwa sababu waliangusha kikanushi. Salamu ni "Hujambo?", yaani huna jambo, hujapatwa na neno? Jibu ni "Sijambo," sina jambo. Hu- na si- ndizo zinazobeba habari njema. Ukiziondoa linabaki jambo, yaani tatizo lenyewe. Mgeni anakuja Forodhani anatabasamu, anakutangazia shida.

Lawama si yao peke yao. Sisi ndio tunaowaanza kwa "Jambo!", kwa kuwa tunadhani ndicho watakachoelewa. Imekuwa alama: mtu akikuambia Jambo pale Darajani, ujue amekuona mgeni. Nilishaambiwa hivyo mwenyewe, nikiwa nimetoka Pemba na begi zuri. Nilimjibu "Sijambo, za kwako?" na yule kijana akacheka mpaka akakaa.

13. Hakuna matata ni Kiswahili cha kweli?

Ni sarufi sahihi kabisa. Matata ni neno letu, ndugu wa utata na kutatanisha. Tatizo ni kwamba Unguja hatulisemi hivyo. Utasikia "hapana taabu," "haina neno," "hakuna wasiwasi." Matata kwetu ni ya mtoto mtundu, au ya kesi iliyofungamana. Kibao cha bendi moja ya Mombasa ndicho kilichowazoesha watalii msemo huo miaka ya 1980, na filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1994 ikaupeleka kila nyumba. Huko haukubaki jibu la mtu aliyeombwa radhi. Ukawa falsafa nzima ya kutojali.

Wauza fulana huniuliza kama Disney wanaumiliki. Waliomba usajili Marekani mwaka 1994 wakaupata 2003, kwa ajili ya nguo. Alama ya biashara ina nguvu nchini iliposajiliwa na kwa bidhaa iliyotajwa. Hakuna anayeweza kukuzuia kuusema. Kuuza fulana zenye maneno hayo Marekani ni jambo jingine, na hapo utahitaji mwanasheria.

14. Mchezo wa Jenga una uhusiano na kujenga?

Ndiyo, moja kwa moja. Aliyeubuni, Leslie Scott, alikulia Afrika Mashariki akizungumza Kiswahili, na aliuonyesha kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea London Januari 1983. Una vipande 54 vya mbao, vitatu vitatu, ghorofa 18. Unachomoa kipande chini unakiweka juu.

Angalia lakini mchezo unavyokwisha: mnara unapoanguka. Kwa hiyo kwa Kiingereza kitu kinachosemwa kuwa ni kama jenga, iwe bajeti au makubaliano ya vyama, ni kile ambacho ukigusa kipande kimoja chote kinaporomoka. Sisi tuliwapa amri ya kujenga. Wao wamebaki na hofu ya kubomoka.

## Maswali ya pembeni

15. Mwezi wa Safar ndio uliozaa safari?

Hapana. Mwezi ule, ambao sisi tunauita mfungo tano, kwa Kiarabu huandikwa kwa *sad*, ile s nzito. Safari huandikwa kwa *sin*. Kwa sikio la Mswahili zimefanana kwa kuwa herufi zetu hazizitofautishi, lakini mtoto wa chuoni aliyefika juzuu ya kwanza atakuonyesha tofauti.

16. Ni kweli homa ya dengue ina jina la Kiswahili?

Kamusi kadhaa za Kiingereza zinasema hivyo, na hoja ilianzia hapahapa mjini. Daktari wa Kiskoti, James Christie, alikuwa Zanzibar mwaka 1870 lilipozuka gonjwa la homa na maumivu ya viungo. Wazee walimwambia wanalijua, lilipita pia mwaka 1823, na jina lake ni kidinga pepo, yaani mshtuko wa misuli unaoletwa na pepo. Christie akaunganisha: mwaka 1827 na 1828 homa kama hiyo ilipiga visiwa vya Karibi, na huko ikaitwa dengue. Akahisi jina lilivuka na watu.

Tatizo ni kwamba Kihispania kilikuwa na neno *dengue* tangu zamani, kwa maana ya madeko na kujishaua, na mgonjwa wa homa hiyo hutembea kwa kujikaza kama anayejishaua. Inawezekana neno letu lilifika likakutana na neno lao lililofanana, likavaa sura yake. Mimi ningeliandika kama dhana nzuri, si kama safari, ambayo mwaka, mtu na njia vyote vinaonekana. Kwetu leo husemwa kidingapopo, pepo amegeuka popo.

17. Na chikungunya?

Si Kiswahili. Ni Kimakonde, na maana yake ni kile kinachomkunja mtu, kwa jinsi viungo vinavyouma mpaka mgonjwa anatembea ameinama. Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 upande wa Newala, kusini ya Tanganyika.

Ila lina mkasa unaolirudisha kwenye swali la 16. Wataalamu waliosoma upya maelezo ya Christie, homa fupi na viungo vinavyouma wiki nyingi baada ya homa kuondoka, wanaona kwamba gonjwa la Zanzibar la 1870 lilifanana zaidi na chikungunya kuliko dengue. Kama ndivyo, basi wazee wa Unguja waliipa jina homa moja, jina likaenda kushikwa na homa nyingine ng'ambo ya pili ya dunia, na homa yenyewe ikakaa bila jina vitabuni kwa miaka zaidi ya 80, mpaka Wamakonde wakaipa la kwao.